Mistari Inayofifia Kwenye Skrini Mpya

Mchora ramani anayehama kutoka skrini ya kawaida ya Full HD kwenda kompyuta mpakato ya 4K hufurahi kwa muda mfupi. Herufi zimenyooka na kingo za menyu ni safi. Kisha anafungua ramani ya nyumba aliyoichora wiki iliyopita, na kuta zinaonekana, ila mistari ya vipimo imekuwa kama nywele, hachi ya matofali imegeuka ukungu, na mstari wa katikati wenye vituo umebaki nukta zilizotawanyika. Hapo ndipo swali linaporushwa meza ya jirani: “Kaka, hachi yangu imeenda wapi?”

Haijaenda popote. Faili ni lile lile, ila ukubwa wa pikseli umebadilika. Skrini ya inchi 24 yenye Full HD ina pikseli 1920 kwa 1080, na kila pikseli ina upana wa karibu milimita 0.28. Skrini ya mpakato ya inchi 15.6 yenye 4K ina pikseli 3840 kwa 2160 zilizobanwa kwenye eneo dogo zaidi, kwa hiyo kila moja ina milimita 0.09 tu. Mstari wa pikseli moja, ambao ndio mstari mwembamba kuliko yote ambao programu inaweza kuuchora, umepungua unene mara tatu bila mtu yeyote kugusa ramani.

Wengi hukimbilia mpangilio wa Windows wa kukuza maandishi, ule wa asilimia 150 au 200. Unasaidia menyu, vitufe na herufi za programu. Eneo la kuchorea kwa kawaida halimo katika hesabu hiyo, kwa sababu programu za CAD za miaka ya karibuni, AutoCAD ikiwemo tangu toleo la 2018, zinaitambua skrini yenye pikseli nyingi na kuchora kwa pikseli zake halisi. Ukiilazimisha Windows ikuze dirisha zima, au ukishusha skrini hadi 1920 kwa 1080, mistari itanenepa kweli, lakini kila kitu kitakuwa na ukungu na utakuwa umelipia skrini usiyoitumia.

Kabla ya kugusa chochote kwenye programu, inafaa kujua jicho linafanya nini na mstari wa milimita 0.09. Mtu mwenye macho mazuri akikaa sentimita 60 kutoka kwenye skrini anaweza kutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa karibu milimita 0.17. Mstari mwembamba kuliko hapo haupotei. Jicho linauona, lakini halioni tena unene wake. Linaueneza juu ya eneo pana kidogo kuliko ulivyo, na mwanga wake unagawanyika. Ndiyo maana mstari mweupe wa pikseli moja kwenye mpakato wa 4K hauonekani mwembamba tu, unaonekana wa kijivu.

Kwa maneno mengine, tatizo la skrini ya namna hii ni la mwanga kuliko la unene. Na kwenye programu ya CAD kuna mipangilio kadhaa inayopunguza mwanga wa mstari, kila mmoja kwa sababu yake, na yote ikiwa imewashwa kwa pamoja mstari unazimika. Nitatumia AutoCAD ya Windows kama mfano mkuu, kwa kuwa ndiyo wengi wanayokutana nayo kazini.

Tuanze na unene wa mstari wenyewe, maana hapo ndipo makosa ya gharama hutokea. Kila leya hupewa unene kwa milimita, na milimita hizo ni za karatasi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 128 kina ngazi zake: 0.13, 0.18, 0.25, 0.35, 0.5, 0.7 na kuendelea. Kila ngazi ni mara 1.4 hivi ya ile iliyotangulia, na uwiano huo ndio uleule ulio kati ya karatasi ya A3 na A2. Ukipunguza ramani ya A2 iwe A3, mstari wa 0.5 unakuwa 0.35 na familia nzima inabaki kwenye mpango. Waliochora kwa kalamu za wino wanazikumbuka namba hizi kwenye vifuniko vya kalamu.

Leya ambayo haikupewa chochote huandikwa `Default`, na kwa AutoCAD hiyo ni 0.25. Unene huo wote hauonekani kwenye skrini mpaka uwashe `LWDISPLAY`. Ikiwa imezimwa, kila mstari, uwe wa 0.13 au wa 0.70, unachorwa kwa pikseli moja. Kwenye skrini ya zamani watu waliizima makusudi, kwa kuwa pikseli moja ya 0.28 ilitosha na mistari minene ilisongamana. Kwenye 4K tabia hiyo hiyo inaiacha ramani nzima na mistari ya 0.09.

Ukishaiwasha, kumbuka kwamba haifanyi kazi namna moja kila mahali. Kwenye `Model` unene unaonyeshwa kwa idadi ya pikseli isiyobadilika, ukivuta karibu au ukirudi mbali. Mstari wa pikseli nne utabaki pikseli nne hata nyumba nzima ikiwa ndogo kama stempu, na hapo kuta mbili za choo zinagusana na kuwa doa. Kwenye `Layout` unene unafuata karatasi: ukivuta karibu, mstari nao unakua.

Tuchukue ramani moja tuipime. Nyumba ya mita 14 kwa 12 imewekwa kwenye karatasi ya A2 kwa kipimo cha 1:50. Kuta zilizokatwa zina 0.50, milango na madirisha 0.25, mistari ya vipimo 0.18, na hachi ya matofali 0.13. A2 ina upana wa milimita 594, na kwenye mpakato wa inchi 15.6 eneo la kuchorea linabaki na upana wa kama milimita 300. Karatasi nzima ikionekana kwenye `Layout`, kila kitu kimepunguzwa kwa nusu. Kuta zinakuwa milimita 0.25 za skrini, sawa na pikseli tatu hivi. Milango inakuwa kama 0.13, ambayo ni pikseli moja na nusu na itabidi izungushwe kwenda moja au mbili. Vipimo vinakuwa 0.09, pikseli moja kamili. Hachi ingetaka chini ya pikseli moja, lakini hakuna pikseli pungufu, kwa hiyo nayo inapata moja.

Hesabu hiyo inaonyesha kwamba skrini inasema kweli. Mistari ya vipimo iliyofifia ikiwa umeitazama A2 nzima kwa wakati mmoja si hitilafu, ndivyo karatasi ile ingeonekana ukiisogeza mbali mara mbili. Hitilafu ni pale ambapo umevuta karibu, chumba kimoja kimejaza skrini, na bado mistari ile ile ni ya kijivu. Hapo ujue `LWDISPLAY` imezimwa, au uko kwenye `Model`, au kuna kitu kingine kinachokula mwanga.

Dawa ambayo wachoraji wachanga huijaribu kwanza ni kuzinenepesha leya. Vipimo vinatoka 0.18 kwenda 0.40, hachi inatoka 0.13 kwenda 0.35, na skrini inapendeza. Kisha ramani inapelekwa kwenye plota. Ukiwa na matofali yaliyochorwa kwa mistari iliyoachana milimita moja na nusu kwenye karatasi, mstari wa 0.35 unafunika karibu robo ya eneo lote kwa wino. Ukuta uliopaswa kuwa na kivuli chepesi unakuwa mweusi, namba za vipimo zilizopita juu yake hazisomeki, na msimamizi wa ujenzi anapiga simu kuuliza kama hiyo ni zege au tofali. Unene wa leya ni agizo kwa plota. Usiubadilishe kwa ajili ya macho yako.

Kwa macho kuna kitelezi maalumu. Andika `LWEIGHT`, na kwenye dirisha litakalofunguka utaona `Adjust Display Scale`. Kitelezi hicho kinaongeza au kupunguza pikseli zinazotumika kuonyesha unene kwenye `Model`, na hakigusi uchapishaji hata kidogo. Kisogeze taratibu kulia hadi kuta na milango zitofautiane bila kugusana, ukiwa umevuta karibu kwa kiasi unachofanyia kazi kila siku. Usikipime ukiwa umerudi mbali hadi kiwanja kizima kionekane, kwa sababu kwa umbali huo kila mpangilio utakuwa mbaya.

Sasa tuje kwenye ulainishaji wa mistari, ambao nadhani ndio unaoeleweka vibaya kuliko yote. Skrini ni gridi ya vyumba vya mraba. Mstari uliolala kidogo hauwezi kupita ndani ya gridi hiyo bila kuruka ngazi, na ngazi hizo huonekana kama meno. Ulainishaji huziba meno kwa kuwasha pikseli za jirani nusu nusu: pikseli iliyofunikwa na mstari kwa asilimia 50 inapewa rangi ya kati ya mstari na mandhari yake. Kwenye AutoCAD swichi yake ni `LINESMOOTHING`, na inafanya kazi tu ikiwa kadi ya michoro imeruhusiwa kuchora.

Ubaya uko kwenye neno “kati”. Mstari mweupe ukiangukia katikati ya safu mbili za pikseli, kila safu hupewa nusu. Nusu ya 255 ni 128, na programu ikichanganya kwa namba tu hivyo, pikseli ya 128 haitoi nusu ya mwanga. Kwa jinsi skrini za kawaida zinavyotafsiri namba za rangi, inatoa karibu asilimia 22. Safu mbili zikijumlishwa zinatoa asilimia 43 au 44 ya mwanga ambao mstari ungekuwa nao ungekaa kwenye safu moja. Zaidi ya nusu ya mwanga imepotea njiani. Kwenye pikseli kubwa za zamani hasara hiyo ilivumilika. Kwenye pikseli ya 0.09, ambayo jicho tayari limeieneza, mstari unakaribia kuzama ndani ya mandhari.

Geuza rangi uone ajabu yake. Mstari mweusi juu ya mandhari meupe ukigawanywa safu mbili, kila safu inabaki na mwanga wa asilimia 22, maana yake imepoteza asilimia 78. Zikijumlishwa, giza la mstari limekuwa mara moja na nusu ya lilivyokuwa. Ulainishaji ule ule uliofifisha mstari mweupe unaunenepesha mstari mweusi. Kwa hiyo anayependa mandhari meusi na anayependa meupe hawawezi kupeana ushauri mmoja kuhusu swichi hii, ingawa kila siku wanapeana.

Ukitaka kuliona hili kwenye skrini yako mwenyewe, fungua ramani tupu, zima `LWDISPLAY`, kisha chora mistari mitatu, ukibonyeza Enter kumaliza kila mmoja:

```
LINE 0,0 @100,0
LINE 0,10 @100,1
LINE 0,20 @100,50
```

Wa kwanza umelala sawasawa, wa pili umeinuka kidogo sana, wa tatu umepanda kwa mteremko. Utazame huo wa pili. `LINESMOOTHING` ikiwa 1 na mandhari yakiwa meusi, utaona mstari unang’aa na kufifia kwa zamu kama kamba iliyosokotwa, kwa sababu sehemu fulani umekaa kwenye safu moja na sehemu nyingine umegawanyika. Weka 0, na kufifia kunakoma. Badala yake unapata ngazi ndogo za pikseli moja.

Je, ngazi hizo zinaudhi? Kwenye inchi 24 ya Full HD, ndiyo, maana kila ngazi ni ya milimita 0.28 na inaonekana wazi. Kwenye mpakato wa 4K kila ngazi ni ya 0.09, na wengi hawataiona wasipoinama kuitafuta. Hapo ndipo maoni yangu yanapotofautiana na ya wanaowasha kila kitu kinachoitwa ubora: kwenye skrini yenye pikseli nyingi na mandhari meusi, ulainishaji unaondoa kasoro ambayo huioni na kutoza mwanga unaouhitaji. Uzime. Kwenye mandhari meupe uache uwashwe, kwa kuwa unakusaidia bila kukudai kitu.

Nina pingamizi moja dhidi yangu mwenyewe, nalo ni hachi. Mistari ya hachi ikisogeleana hadi pikseli mbili au tatu, bila ulainishaji inaanza kuzusha michirizi isiyokuwepo, mabaka yanayotembea kila unapovuta karibu au mbali. Ulainishaji huigeuza kuwa kivuli kilichotulia. Anayeshinda akitazama mipango ya jumla yenye hachi nyingi atauhitaji. Anayeshinda ndani ya chumba kimoja akiweka vipimo hauhitaji.

Rangi nayo haina budi kutajwa, kwa kuwa mara nyingi ndiyo mkosaji. Mandhari ya kawaida ya AutoCAD si meusi kabisa bali kijivu kilichokolea, namba zake zikiwa 33,40,48. Rangi ya 5, ile bluu tupu, ikiwekwa juu yake ina utofauti wa mwanga wa karibu 1.7 kwa 1. Manjano, rangi ya 2, ina karibu 14 kwa 1. Kwenye mandhari meupe mambo yanapinduka: bluu inapata zaidi ya 8 na manjano inapotea. Mchoraji aliyeweka leya ya mabomba kwa bluu na sasa haioni kwenye 4K hana sababu ya kugombana na kadi ya michoro. Abadilishe rangi ya leya, ila kwanza aangalie jedwali la uchapishaji, yaani faili la CTB. Kama linatoa unene kulingana na rangi, kubadilisha rangi kutabadilisha na karatasi. Kama ni `monochrome.ctb` ya kawaida, rangi zote zinatoka nyeusi na unene unafuata leya, kwa hiyo yuko huru.

Kimebaki kitu kinachofanya uchoraji wenyewe. Andika `GRAPHICSCONFIG` na utaona kama `Hardware Acceleration` imewashwa na ni kadi gani inayotumika. Soma jina la kadi hilo kwa makini. Mpakato nyingi zina mbili, moja ndogo iliyo ndani ya prosesa na nyingine kubwa ya pembeni, na Windows inaweza kuwa imeipa AutoCAD ile ndogo ili kuokoa betri. Kurekebisha ni kwenye mipangilio ya Windows, `Display`, kisha `Graphics`, ambapo unaichagua programu na kuipa `High performance`.

Kadi ikiwa inachora, kuna mpangilio mwingine uliojificha: `LINEFADING`. Kazi yake ni kufifisha mistari ili mchoro uliojaa usionekane mzito. Wazo si baya kwenye skrini kubwa. Kwenye pikseli za 0.09 ni mkono mwingine unaopunguza mwanga, na kuuzima kunaweza kurudisha ramani yako kwa hatua moja:

```
LINEFADING 0
LINESMOOTHING 0
LWDISPLAY 1
```

Badilisha kimoja kimoja na utazame ile mistari mitatu kila mara. Ukibadilisha vyote kwa mpigo hutajua ni kipi kilichokuwa kinakula mwanga.

Kuna dalili ambazo hakuna mpangilio wa mistari utakaoziponya. Mstari unatoweka ukivuta karibu na kurudi ukisogea. Hachi inameta. Vipande vya ramani vinabaki nyuma unapohamisha mtazamo. Hizo ni dalili za draiva ya kadi ya michoro. Jaribio lake ni kuzima `Hardware Acceleration` kwa dakika chache: kasoro ikiondoka, tafuta draiva mpya kwa mtengenezaji wa kadi, kisha uiwashe tena. Kuiacha imezimwa moja kwa moja ni mzigo, kwani prosesa itafanya kazi ya kadi na ramani kubwa zitakuwa nzito kusogeza.

Wapima ardhi wana ugonjwa wao unaofanana na huo lakini si huo. Ramani ya kiwanja cha Dar es Salaam kwenye mfumo wa UTM, kanda ya 37 kusini, ina namba za kaskazini za kama 9,250,000 kwa mita. CAD inahifadhi namba hizo kwa usahihi mkubwa, lakini kadi za michoro kwa kawaida hukokotoa kwa namba za biti 32, na kwa ukubwa huo namba mbili zinazofuatana zinaachana kwa mita nzima. Programu zina mbinu za kulipunguza tatizo, ila halimalizwi daima, na ukivuta karibu mistari ya mipaka hutetemeka au kujikunja. Faili la upimaji lisihamishwe kutoka mahali pake. Michoro ya nyumba ichorwe kwenye faili lake karibu na sifuri, kisha upimaji uambatishwe kwa `XREF` ukiwa umesogezwa.

Programu nyingine zina swichi zile zile kwa majina tofauti. Revit ina `Thin Lines`, inayowashwa kwa kuandika TL, na mtu akiibonyeza bila kujua unene wote unatoweka kwenye skrini. Ulainishaji wake uko kwenye `Options`, sehemu ya `Graphics`. FreeCAD inakupa `Anti-Aliasing` kwenye mapendeleo ya mwonekano wa 3D, na unene wa mistari huko unahesabiwa kwa pikseli, hivyo kwenye 4K unapandisha namba hiyo tu. LibreCAD ina `Draft` kwenye menyu ya `View`, ambayo huchora kila mstari kwa upana mmoja.

Kwa mwenye ile ramani ya A2 kwenye mpakato wa inchi 15.6 ningempa haya: leya zibaki na 0.50, 0.25, 0.18 na 0.13, `LWDISPLAY` iwashwe, kitelezi kisogezwe kulia kidogo, `LINEFADING` izimwe, na ulainishaji ufuate mandhari aliyozoea. Akilipeleka faili kwa mwenzake mwenye skrini ya inchi 24, ajue kwamba `LWDISPLAY` inahifadhiwa ndani ya ramani yenyewe, kwa hiyo itasafiri nayo, na huyo mwenzake ndiye atakayepiga simu kuuliza mbona kuta zimenenepa.